Friza la mkeo kwanza

*Shikamoo Shangazi. Nilikuwa mtunza stoo hotelini hapa Malindi kwa miaka 11, mshahara 30,000, hadi tulipopunguzwa mwezi jana. Nimebaki na 120,000 na nataka kuweka arubuni ya tuktuk, nimpe kijana aendeshe. Mke wangu ni mama karanga. Hataki kusikia habari ya tuktuk, ang'ang'ania friza la samaki, na siku hizi hanisemeshi. Hukaanga samaki kilo 6 kwa siku. Wakati wa kaskazi kilo ni 300, kusi ikichafuka hufika 450. Nipe wazo la biashara ya kiume. Wewe ndiye ninayekuamini.*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi.

Hilo neno "nimebaki" ndilo lililonishika. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema anayepunguzwa kazi alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Kwako siku moja ni 1,000, kwa hivyo miaka 11 ni 165,000. Ongeza mwezi wa notisi, 30,000, yawa 195,000, na siku za likizo sijazitia. Hata kodi ikikatwa, pana pengo kubwa hapo. Kama mwajiri alikupunja, chukua barua yako na karatasi za mshahara uende kwa afisa wa leba. Lakini aliyepunjwa angeanza barua kwa kulalamika, nawe hukulalamika. Mkeo amenuna kwa sababu hesabu hii ameshaifanya kichwani, na mimi niko upande wake.

Tuktuk ya mkopo hulipiwa kila wiki, wageni wawepo wasiwepo. Ukianza sasa, Aprili hadi Juni hoteli zitakuwa zimelala, kijana atakuletea nusu ya hesabu, na ukikosa malipo chombo huchukuliwa na arubuni yako ikaenda nacho. Wala wewe huendeshi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Mkeo tayari ana karai, wateja na jina. Anachokosa ni samaki siku ambazo madau hayatoki. Kila siku ya kusi anayonunua kwa 450 humtoa 900 zaidi kwa kilo zile zile 6, na siku ya kukosa kabisa wateja huhamia karai la jirani. Friza la lita 200 hubeba kama kilo 100 za samaki waliopangwa vizuri, yaani siku 16 za kukaanga. Halitoshi kuvusha kusi yote, msidanganyane. Ni la kuziba siku za upepo, kisha mnajaza tena bahari ikitulia.

Na kujaza kuna adabu yake. Watu wengi huona samaki rahisi, wakatia kilo 40 kwa siku moja. Friza huzidiwa: wa pembeni hushika, wa katikati hukaa vuguvugu usiku kucha, na ukija kumkaanga nyama yavunjikavunjika karaini. Kwa lita 200 tieni kilo 8 kwa siku, basi. Changu na tafi watolewe matumbo siku ile ile, waoshwe, wachujwe maji, kisha wafungwe kilo moja moja kwenye mifuko iliyolazwa bapa. Andikeni tarehe, na aliyeingia kwanza atoke kwanza. Umeme ukipotea msifungue kifuniko. Friza lililojaa huhimili karibu siku 2, la nusu siku moja tu.

Jodari na vibua nawatenga. Wakikaa juani saa chache hufanya sumu isiyotoka kwa barafu wala kwa mafuta ya moto. Mlaji uso humwiva, kichwa humgonga, mwili humwasha. Wakitoka chomboni bila barafu, waacheni hata wakiuzwa nusu bei. Nendeni na kasha lenu, kilo ya barafu kwa kila kilo ya samaki.

Kazi hiyo ya stoo unaijua kuliko mkeo: kupokea, kupima, kuandika, kuzungusha mali. Miaka 11 ulilipwa kwa hiyo. Sasa waita biashara ya wanawake kwa sababu mwenye karai ni mkeo? Ndoa nyingi za siku hizi zavunjwa na jambo hili: mume ataka kuwa tajiri peke yake kuliko kushiba na mwenzake.

Katika 120,000, tenga 30,000 za chakula cha nyumbani. Friza lenye dhamana, pamoja na gadi ya umeme, lisizidi 50,000. Kilo 80 za mwanzo kwa 300 ni 24,000, mzinunue kidogo kidogo kwa siku 10. Zinazobaki, 16,000, ashike mkeo.

Kabla ya kwenda dukani, mwandikie kwenye karatasi zile pesa nyingine za kupunguzwa kazi zilikokwenda, moja moja, umpe mkononi. Usimtumie kwa simu.