Siri ya mdogo wako imefikaje kwa baba mdogo?

"Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu, aliyezaliwa wa kiume, ameniambia kuwa yeye ni mwanamke. Mimi sina neno naye. Shida ni baba mdogo, anasema kuwa transjenda ni fasheni ya Wazungu, Waafrika hatuna mambo hayo, na kwamba mtoto kayaokota kwenye simu. Anataka kuitisha kikao cha ukoo. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima? Dada mtu, Ujiji."

Marahaba mwanangu, na pole. Ila naanza na wewe. Mdogo wako alikuambia wewe. Baba mdogo kajuaje? Barua yako imeliruka hilo. Huwezi kusema huna neno naye ikiwa neno lilitoka kinywani mwako.

Sasa baba mdogo. Mweleze habari za Walango wa kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1923 Jack Driberg, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyefanya kazi kwao, alichapisha kitabu kuhusu maisha yao. Humo anaeleza juu ya watu waliozaliwa wanaume, wakiitwa mudoko dako, ambao jamii iliwahesabu kuwa wanawake. Walivaa kike, walifanya kazi za kike, na waliweza kuolewa na wanaume. Mzungu huyo hakuwafundisha, aliwakuta. Na simu haikuwepo.

Usitie chumvi, maana mzee atakushika hapo. Driberg anasema Walango waliwaona watu hao kuwa wanaume wasio na nguvu za kiume, kwa hiyo usidai kuwa mdogo wako ni sawasawa nao. Wala desturi ya Walango si ushahidi wa babu zetu wa Buha. Lakini baba mdogo hakusema "Waha", alisema "Waafrika", na dai pana namna hiyo linaanguka kwa kabila moja tu.

Akitaka kilichokuja na Wazungu, amtazame Mwingereza aliyetuletea Kanuni ya Adhabu mwaka 1930. Inaharamisha kujamiiana "kinyume cha maumbile", na hata hiyo inahusu tendo, haisemi mtu ajione nani.

Kikao kisifanyike. Ukoo wa siku hizi haukutani kumlipia mtoto ada, lakini kumhukumu unajaa ukumbini. Wakikaa watu ishirini usiku, asubuhi habari iko sokoni, na atakayepigwa njiani si baba mdogo. Nenda kwake peke yako, jioni, umsalimie vizuri, umwambie: "Baba, mkubwa ni jalala. Hili libaki kwako."

Ila kabla hujaenda kwake, nenda kwa mdogo wako. Mwambie ni nani aliyeitoa siri yake, umwombe radhi, kisha umuulize kama anataka umtetee kwa baba mdogo au unyamaze. Akisema unyamaze, hayo ya Walango yaache.