Herufi ovyo kwenye ujumbe wa kwanza

"Nauza viatu kwa WhatsApp. Namba mpya imenitumia `jsnsto`, basi. Kaponyokwa na vidole au ananipima? Nijibu?"

Huyo alikuwa anakusalimia, ndugu. Tazama kibodi yako: sogeza kila herufi ya `habari` hatua moja kulia. H inakuwa J, A inakuwa S, B inakuwa N, R inakuwa T, I inakuwa O. Unapata `jsnsto` kamili. Ameandika kwenye kompyuta bila kutazama, mkono umekaa pembeni, akabonyeza Enter.

Anayepima kwa makusudi huwa mvivu. Anapitisha vidole kwenye mstari wa katikati, `asdf` au `asdfghjkl`, anatuma, kisha anatulia aone kama kuna mtu au ni majibu ya kujiendesha. Mtoto aliyeshika simu naye hurudia herufi moja au mbili, `pppppooo`, na mara nyingi emoji zinafuata. Lakini `asdf` peke yake haithibitishi nia mbaya. Hata fundi anayejaribu simu huiandika.

Dakika zinazofuata ndizo zinazosema zaidi. Aliyekosea kwa kawaida hufuta au huandika upya haraka.

Jibu mara moja tu: "Karibu, nikusaidie nini?" Usitume bei wala namba ya malipo kabla hajasema anachotaka. Na ukiona herufi zimechanganyika na tarakimu na alama, mfano `Tk7!mw#2`, huenda ni nywila iliyobandikwa pasipo pake. Mwambie aibadilishe, usiinukuu.