Ukirekodi voisi ya ofa, usiseme "kesho"

Wadogo zangu mnaoandika skripti za voisi za stetasi, wiki hii nimesikiliza nne za ofa ya sikukuu na zote zinasema "ofa inaisha kesho", nikaona nisinyamaze maana hilo neno lilishaniumiza.

1. Siku itaje kwa jina. Stetasi ya WhatsApp inakaa saa 24, na watu hawaisikilizi kwa pamoja. Mimi niliposti Ijumaa saa 3 usiku, nikasema kwa furaha kabisa "wahini, mwisho kesho!" Kwangu kesho ni Jumamosi. Sasa mtu aliyefungua stetasi Jumamosi mchana kasikia kesho, kwake ni Jumapili, na ana haki. Jumapili asubuhi meseji zinaingia moja baada ya nyingine, zote kwa sababu ya ile ile voisi, "nakuja kuchukua begi langu", na bei ilisharudi. Mama mmoja alikuwa kashamwahidi mwanae. Nilimwambia ofa imeisha, akaniandikia tu "mwanangu, si umesema mwenyewe kesho?" Hapo nilikosa jibu. Wote waliokuja niliwauzia kwa bei ya ofa, hasara nikaibeba, lakini kilichoniuma ni wale waliosoma "imeisha" kabla sijabadili uamuzi, hawakurudi tena. Na "leo" ni yale yale, na "wikiendi hii" pia ina utata.

2. Urefu. Voisi za stetasi zilipokuja 2023 mwisho ulikuwa sekunde 30, na mi nimebaki hapo hapo. Kwa mwendo wangu ni kama maneno 50, hivi:

"Habari yako. Una mtu wa kumpa zawadi sikukuu hii na bado hujajua umpe nini? Mabegi yetu yote ya mgongoni tumeyapunguza bei kwa robo. Mwisho ni Jumamosi hii, saa 12 jioni, ikipita hapo bei inarudi pale pale. Ukitaka, nijibu hapa hapa, andika tu 'begi', nakutumia picha za rangi zilizobaki."

Angalieni, ni "yako" sio "zenu wateja wetu wapendwa", maana anayesikiliza yuko peke yake na simu sikioni. Isomeni kwa sauti kabla ya kurekodi, ulimi ukikwama mahali basi hiyo sentensi ni ya karatasi, ivunje.

3. Namba ya simu usiitaje, hakuna wa kuinakili kwenye sauti, na akijibu stetasi tayari yuko inboksi kwako.

4. Posti pia stetasi ya maandishi yenye siku na saa, wengine wako kwenye daladala hawawezi kusikiliza.

5. Saa 12 ikifika futa voisi kwa mkono jamani, hiyo ya Ijumaa saa 3 usiku ingebaki kwa saa 3 nzima inatangaza ofa iliyokufa.