30031 si tasa, na uthibitisho bado uko sawa

"Mwalimu alithibitisha kuwa namba tasa hazina mwisho kwa kuzizidisha na kuongeza 1. Nimezidisha namba tasa kuanzia 2 hadi 13, nikaongeza 1, nikapata 30031, nayo si tasa. Nimekosea wapi?"

Hujakosea, ndugu yangu. Kweli 30031 = 59 × 509. Ila uthibitisho huo, wa mwanahisabati Mgiriki Euklidi, hausemi kwamba jibu litakuwa tasa. Gawanya 30031 kwa 2, 3, 5, 7, 11 au 13: kila mara inabaki 1. Na kila namba kubwa kuliko 1 ina angalau kigawo kimoja kilicho tasa, kwa hiyo kigawo hicho lazima kitoke nje ya orodha yako. Hapa ni 59. Orodha yoyote yenye kikomo itapungukiwa vivyo hivyo.

Kwenye mtihani usiandike "kwa hiyo ni tasa"; andika "ina kigawo tasa kisichomo kwenye orodha".

Wala usiitumie njia hii kuorodhesha. Umetoka 13 ukaangukia 59, huku 17, 19 na nyingine zimerukwa, na hiyo 59 yenyewe umeipata kwa kutafuta vigawo. Ukitaka zote hadi 100, andika kuanzia 2, kisha futa vigawe vya 2, 3, 5 na 7, ukiziacha hizo nne zenyewe.