Ushauri nauweka kando

Swali la wiki: "Unafanyaje na rafiki ambaye kila mkikutana ni malalamiko tu, hadi unaondoka huna nguvu, lakini hutaki urafiki ufe?"

Ndugu mhariri, najua wengi watajibu: mwambie waziwazi kwamba anakuchosha. Mimi sikubaliani. Mtu aliyezoea kulalamika ukimwambia anachosha, umempa lalamiko jipya, tena safari hii linakuhusu wewe. Kwanza tuulizane kinachochosha ni nini hasa. Kusikiliza peke yake hakumalizi mtu nguvu. Kinachomaliza ni kutoa ushauri, ukarudishwa, ukatoa mwingine, nao ukarudishwa.

Ninaye mwenzangu wa miaka mingi anayemuuguza baba yake. Kaka yake haonekani. Jioni moja alinipigia simu, akaanza pale pale alipoishia juzi. Nikamwambia, "Pangeni zamu, kila mmoja na siku zake." Akajibu, "Ndiyo, lakini kaka hafuati zamu." Nikasema basi shangazi yao azungumze naye, maana ndiye anayemheshimu. "Ndiyo, lakini shangazi akisema, kaka atajua nimemsemea." Nikasema basi kaka achangie fedha, atafutwe msaidizi. "Ndiyo, lakini baba hataki mtu wa nje amguse." Kila "ndiyo, lakini" ilikuja na sauti kali kuliko ya kwanza, na zote zilikuwa na ukweli ndani yake. Hapo ndipo unapojua mambo yamegeuka: wewe unatetea ushauri wako, naye anatetea ugumu wa hali yake. Kadiri unavyopendekeza, ndivyo anavyolazimika kukuthibitishia kwamba haiwezekani.

Nikaacha. Nikamwambia, "Dada, hili zito kweli. Katika yote haya, leo limekuuma lipi?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema asubuhi ile kaka alipita kwa muda mfupi tu, na baba akashinda akimsifu kwa kila anayeingia. Yeye aliyemwogesha na kumlisha hakutajwa. Kumbe zamu hazikuwa shida yake siku ile. Angepewa hata wasaidizi watatu, angelalamika vilevile. Tuliongea kuhusu baba yake, kwamba siku zote alikuwa hivyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekata simu, jambo ambalo si kawaida yake.

Msidhani aliacha. Kesho yake alipiga tena. Ila tangu hapo nina maswali mawili tu: lipi limekuuma leo, na unataka tutafute njia au nikusikilize tu? Akisema nisikilize tu, ushauri nauweka kando, na uchovu unapungua kweli. Muda nao nautaja mwanzoni: "Nina dakika 20, kisha natoka." Ukiusema mwanzoni ni taarifa. Ukiusema yeye akiwa katikati ya machozi, anasikia umemfukuza.

Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose alichapisha utafiti kuhusu marafiki wanaorudiarudia kuzungumza matatizo yao. Aligundua kwamba mazungumzo hayo yaliambatana na urafiki wa karibu zaidi, na pia na huzuni na wasiwasi zaidi. Aliwachunguza watoto na vijana, kwa hiyo sisi watu wazima tusijibebee yote, lakini mimi nilijiona humo. Ule ukaribu ndio unaokuzuia kukata simu. Ndiyo maana napenda tukutane tukiwa na kazi ya mikono au tukitembea, lalamiko likiisha tuwe na kitu kingine cha kushika.

Tahadhari moja. Kama mtu hakuwa mlalamikaji na amebadilika ghafla, halali, hafurahii hata alivyovipenda, na hali hiyo imefika wiki mbili, hayo si malalamiko ya kawaida. Msindikize kwa daktari. Akitaja kutaka kufa, usingoje siku ya pili.

Sasa, nimeanza kwa kusema usimwambie. Nikiandika haya nakumbuka kwamba mimi nilimwambia. Sikusema anachosha. Nilisema, "Siku hizi namjua kaka yako kuliko ninavyokujua wewe. Wewe mwenyewe u hali gani?" Alikasirika, akakaa kimya siku kadhaa, kisha akanitumia ujumbe kuhusu nguo aliyokuwa anashona. Kwa hiyo labda jibu langu ni kwamba mwambie, lakini umwambie unachokikosa kwake, na iwe baada ya kumsikiliza kwa muda wa kutosha ajue humkimbii. Kwa rafiki wa juzijuzi nisingethubutu. Na kwa yule ambaye hakuulizi hata mara moja wewe umeshindaje, mbinu zangu zote hizi sina hakika nazo.