Fundi kakasirika: “atamaliza” ilipogeuka “angemaliza”

*Assalaam alaykum mwalimu. Nafanya kazi katika nyumba ya wageni Shela, Lamu. Jumanne asubuhi meneja alinifowadia ujumbe wa Kiingereza wa wakala wa Nairobi kuhusu paa la makuti. Nikamwandikia fundi hivi: “Mwenye nyumba alisema alikuwa amemlipa na angemaliza paa kabla ya kufika kesho. Nilimwambia nina shaka.” Fundi kanijia juu, ati namtangaza kuwa ameshindwa. Na mwenye nyumba akashuka uwanja wa ndege wa Manda siku hiyo hiyo, paa nusu. Nimekosea wapi?*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Fundi kasoma Kiswahili chako kama kilivyo, na kilivyo kinasema ameshindwa. Neno lililomchoma ni “angemaliza”. Kwetu -nge- hudai nusu ya pili: angemaliza, lau nini? Lau angekuwa na makuti, lau asingekuwa mvivu? Wewe hukuandika sharti lolote, basi akalijaza mwenyewe, tena kwa ubaya.

Huko Kiingereza kilikotoka hapakuwa na sharti. Waingereza wana desturi yao: kitenzi cha kusema kikishakuwa cha wakati uliopita, vitenzi vinavyokifuata navyo hurudishwa nyuma hatua moja. Aliyesema “atamaliza” huripotiwa kwa umbo linalofanana na lile lao la masharti. Ni kanuni ya sarufi tu, haiongezi shaka wala kushindwa. Sisi hatuna desturi hiyo. Kiswahili huacha wakati pale ulipokuwa kinywani mwa msemaji: alisema atakuja, alisema anaumwa, alisema amefika. Kinachobadilika ni nafsi.

Kwa hiyo, kabla ya kufasiri, nirudishie maneno kwa mwenyewe. Mwenye nyumba alipokuwa kwenye simu alitamka nini? “Nimemlipa. Atamaliza.” Sasa tanguliza “alisema kwamba”, geuza nafsi, na nyakati uziache: alisema kwamba amemlipa, na kwamba fundi atamaliza. Utasikia redioni “alisema angefika”, na wasikilizaji wengi wameshaizoea. Mimi siiandiki kwa mtu anayesubiri kazi au pesa. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii hapa Malindi nilifasiri barua ya Kiitaliano, na Waitaliano wana mtego huo huo, tena mrefu zaidi: aliyesema “nitakuja” huripotiwa kwa umbo la masharti la wakati uliopita. Nikaandika “alisema angalikuja”. Mwenye chumba akaelewa mgeni haji tena, akakipangisha. Mgeni akafika na masanduku yake.

“Alikuwa amemlipa” nayo ina madhara yake, ila ya chini chini. Anayeisoma hungoja mkasa: alikuwa amemlipa, kisha ikawaje, pesa zikarudi? Weka “amemlipa” au “ameshamlipa”. “Alikuwa” ibaki pale ambapo msemaji mwenyewe alisimulia jambo lililokwisha pita alipokuwa akisema, kwa mfano “nilikuwa nimemlipa kabla ya mvua”. Tatizo ni kwamba Kiingereza kikisharudisha nyuma, “nimemlipa” na “nilimlipa” huweza kutoka na sura moja. Mkikosana juu ya siku ya malipo, tafsiri haitawaamulia. Itabidi aulizwe mwenye nyumba.

Tuje kwenye watu. Kiingereza kilikuwa na kiwakilishi cha mwanamke na cha mwanamume, kwa hiyo haikumsumbua msomaji kujua nani kalipa na nani analipwa. Kwetu wote ni a- na -m-. “Alisema amemlipa na atamaliza” inaweza kusomeka kwamba mama mwenye nyumba mwenyewe atapanda paani. Na “kabla ya kufika” haina mtu kabisa: nani afike? Rudisha vyeo, hata ukiona unajirudia: mwenye nyumba, fundi, wakala. Kisha ipe “kabla” kitenzi chenye mtu ndani yake: kabla mwenye nyumba hajafika. Na kwa kuwa unamwandikia fundi mwenyewe, yule “yeye” wa Kiingereza huku anakuwa “wewe”. Ingekuwa karatasi ya kuwekwa kwenye faili, ningeacha “fundi”.

Kosa lililokuumiza wewe zaidi ni lile la “nilimwambia nina shaka”. “Mimi” wa ujumbe ule ni wakala. Ulipoubandika kwenye simu yako bila kutaja mwandishi, “mimi” akawa wewe. Ungeweza kuufunga ndani ya alama za mtajo na kutanguliza “wakala anaandika”. Lakini mafundi wengi hupokea mambo haya kwa sauti, na alama za mtajo hazisikiki. Afadhali uhamishe nafsi: wakala alimwambia mwenye nyumba kwamba ana shaka. Shaka juu ya malipo au juu ya kumaliza? Kwa maelezo yako wakala hakusema, basi nawe usimsemee. Andika “ana shaka” uishie hapo.

Na usije ukajaribu kupamba kitenzi cha kusema. Ukiandika “ati amekulipa” umeshatia kejeli yako. Ukiandika “anadai amekulipa”, kwa fundi aliye katika habari za pesa, “dai” lina deni ndani yake. “Alisema” yatosha.

Sasa ile “kesho”, ndiyo iliyokuachia paa nusu. Kesho huhesabiwa kutoka kwa aliyeiandika, na kama imo ndani ya alama za mtajo, huhesabiwa kutoka kwa aliyeitamka. Wakala aliiandika nje ya alama hizo, kwa hiyo ni kesho ya wakala. Mama alishuka Manda Jumanne, basi wakala aliandika Jumatatu. Ujumbe ulikufikia Jumanne, nawe ukaiacha “kesho”, fundi akahesabu Jumatano. WhatsApp haikukusaidia: ujumbe uliofowadiwa huja na kimshale chake, lakini saa unayoiona pembeni ni ya kufowadiwa kwake, na jina la mwandishi wa kwanza halimo. Mwombe meneja akupigie picha ya skrini ya mazungumzo yake na wakala, tarehe ionekane. Kisha kila “leo” na “kesho” uitie jina la siku.

Ungeandika hivi:

“Fundi, ujumbe huu si wangu, ni wa wakala, aliuandika Jumatatu. Anasema mwenye nyumba alisema ameshakulipa, na kwamba wewe utamaliza paa kabla mwenye nyumba hajafika Jumanne. Wakala alimwambia mwenye nyumba kwamba ana shaka.”

Sentensi ya mwisho bado ni chungu, na usiifute kwa huruma, maana si yako kuifuta. Ukiona haifai kumfikia fundi, mwambie meneja kabla hujatuma, yeye ndiye aamue. Kwa sasa mfuate fundi kwa miguu, umsomee hiyo mpya, uanze na “si wangu”. Mpaka sasa anaamini mwenye shaka ni wewe.