Dawa ya kideri niliyoiahidi kwenye kichwa tu

Wiki iliyopita mama mmoja mfugaji wa Singida alinitumia ujumbe wa sauti. "Mwanangu, nimeitazama video yako natafuta hiyo dawa. Nimepeleka mbele, nimerudisha nyuma, siioni. Tangu jana wameshakufa kuku kumi na mmoja. Nitajie jina lake tu nikanunue."

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa ananiamini.

Video aliyoisema niliiweka miaka miwili iliyopita. Kichwa chake: "DAWA INAYOTIBU KIDERI KWA SIKU MOJA!!!" Kwenye picha ya jalada niliweka chupa ya vitamini niliyoibandua lebo, jogoo aliyesimama wima, na mshale mwekundu unaoelekea kwenye chupa. Kideri, au mdondo kama wengine wanavyouita, ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba. Una chanjo. Na ndani ya video nilisema hivyohivyo, tena vizuri, ila nilisema dakika ya saba. Kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa utetezi wangu: ndani nimesema ukweli, kichwa ni cha kuita watu tu.

Sasa nikuonyeshe kilichotokea, maana wengi mnaofungua chaneli za kilimo na ufugaji mko njia hiyohiyo niliyopita.

Ndani ya YouTube Studio kuna namba mbili ambazo lazima uzisome pamoja. Ya kwanza imeandikwa Impressions click-through rate: kati ya mara zote video yako ilipowekwa mbele ya macho ya watu, ni asilimia ngapi walibonyeza. Ya pili ni Average view duration, yaani kwa wastani mtu alikaa muda gani. Video yangu ya "dawa" ilibonyezwa kwa asilimia 12. Hakuna video yangu iliyokuwa imewahi kufika hapo, na nililala nikitabasamu. Namba ya pili sikuitazama. Ilikuwa sekunde 52, kwenye video ya dakika tisa.

Piga hesabu. Video ikionyeshwa mara 1,000, watu 120 wanabonyeza, kila mmoja anakaa sekunde 52. Jumla ni dakika 104. Baadaye nilirekodi upya mada ileile kwa kichwa kingine: "Kwa nini kuku aliyechanjwa bado anakufa na kideri?" Hii ilibonyezwa kwa asilimia 5 tu, lakini watu walikaa dakika nne na sekunde 20. Kwa kila mara 1,000 ni watu 50, na jumla yao ni karibu dakika 217. Zaidi ya mara mbili, kwa watu wasiofika nusu.

Tangu 2012 YouTube inapima muda watu wanaokaa kuliko mibonyezo mitupu. Hata kile kifaa chake cha kujaribisha picha tatu za jalada kwa video moja humchagua mshindi kwa muda uliotazamwa. Kwa hiyo kichwa cha uongo kinakupa umati wa siku mbili, halafu umati ule ule unakushtaki kwa kuondoka. Video yangu ilipanda Jumamosi na Jumapili, na kufikia Alhamisi ilikuwa imesimama kabisa.

Hasara kubwa haikuwa kwenye video hiyo, ilikuwa kwenye zilizofuata. Waliokuwa wakinifuatilia tangu nafuga kuku sita nyuma ya nyumba Kihonda walianza kunipita. Video yangu ya kutengeneza kiatamishi cha mkaa, kazi niliyoitolea jasho wiki tatu, ilionyeshwa kwa wafuasi wangu wenyewe na hawakuibonyeza. Mtu akishadanganywa na jina lako, hasomi tena kichwa, anaona jina lako anapita. Ilinichukua miezi saba kurudi nilipokuwa. Nisikuchoshe na miezi hiyo, nilikuwa narekodi tu.

Tagi nazo nilizichafua. Nilijaza majina ya wanamuziki wakubwa nikidhani aliyetafuta wimbo ataangukia kuku wangu. Sera za YouTube zinakataza maelezo ya kupotosha, iwe kwenye kichwa, picha ya jalada, tagi au maelezo ya chini, na video inaweza kuondolewa kwa hilo. Na wao wenyewe wanasema tagi zina mchango mdogo, zinafaa zaidi pale neno linapokosewa kuandikwa. Leo naweka chache: kideri, mdondo, na "kideli" kwa wanaoandika hivyo. Basi.

Je, nimeacha kuamsha hamu? Hapana. Kichwa kisicho na hamu hakisomwi. Ila nimejiwekea mpaka mmoja: ficha jibu, usifiche mada. Kichwa cha kuku aliyechanjwa kinakuacha na swali la kweli, kwa sababu mfugaji ameshaliona bandani kwake. Na jibu lipo ndani: chanjo ilikaa juani ikaharibika, au aliwachanja kuku ambao virusi vilikuwa vimeshaingia, au aliwachanja leo ugonjwa ukaingia kesho kabla mwili haujajenga kinga, jambo linalohitaji wiki moja hadi mbili. Ndani ya sekunde 20 za mwanzo nasema wazi kwamba kideri hakina dawa, na kuku ninaowaonyesha ni wazima. Kisha naonyesha tone moja la chanjo ya I-2 likidondoka jichoni, kuku akipepesa, na kwa nini narudia kila baada ya miezi mitatu.

Siku hizi naandika kichwa kabla ya kurekodi. Nikishindwa kukijibu kwa sentensi moja, sina video, nina kelele. Na baada ya siku mbili nafungua grafu ya watazamaji wanaobaki. Mstari ukiporomoka kabla ya sekunde ya 30, kichwa kimeahidi kitu ambacho mwanzo haukukionyesha. Ukikuta kwenye maoni "iko wapi sasa?" mara tatu, usibishane nao, wamekwishakwambia.

Na wewe unayesema "kila mtu anafanya", fikiria anayekaa sekunde 52 kisha akaondoka. Hakufika dakika ya saba. Alichobeba ni kichwa chako tu, na anaenda nacho dukani kununua dawa ya kuku wanaokufa, kwa hela ya ada ya mtoto. Usiandike kichwa ambacho mtu akikiamini peke yake kinamtia hasara.

Yule mama nilimpigia. Nikamwambia ukweli: waliougua hawana dawa, awatenge, waliokufa awachome au awafukie chini sana, asiuze wala kugawa kuku kwa jirani, kisha amtafute afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo ya watakaosalia. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akauliza kama ile video bado ipo. Nikasema ipo, ila kichwa nilishakibadilisha zamani.

"Mwanangu, mimi kusoma kunanipa shida," akasema. "Niliona chupa."

Nikaenda kuangalia. Chupa ilikuwepo bado, na mshale wake mwekundu. Nilikuwa nimebadilisha maneno, picha nikaisahau. Nimeitoa usiku uleule.